Dakika kumi na mbili za faili moja: namna ya kusoma marudio na dirisha dogo katika nakala ya pakiti



Naanza na hesabu. Faili la megabaiti 300 ni megabiti 2,400. Ukilipitisha kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde, linakwisha kwa sekunde 120, yaani dakika mbili, na hata ukiongeza mzigo wa vichwa vya pakiti halivuki dakika mbili na nusu. Sasa chukueni ofisi moja yenye makao Bukoba na tawi Muleba. Asubuhi tawi linavuta faili la ukubwa huo kutoka Bukoba. Jioni linapandisha faili jingine la ukubwa huohuo kurudi Bukoba. Kila moja linakula dakika kumi na mbili na nusu. Mhasibu wa tawi anasema laini ni mbovu. Mtoa huduma anapima, kipimo kinaonyesha megabiti 19, anasema laini ni nzima. Hakuna mwongo hapo. Kipima kasi hufungua miunganisho kadhaa kwa mpigo na kujumlisha. Faili la mhasibu linakwenda kwa muunganisho mmoja tu, na ugonjwa wa muunganisho mmoja hauonekani kwenye jumla ya mingi.

Ofisi hiyo nimeitunga, na namba zake nimezipanga makusudi ili asubuhi na jioni zifanane. Nimefanya hivyo kwa sababu saa ya ukutani haiwezi kututofautishia magonjwa haya mawili. La asubuhi ni dirisha dogo. La jioni ni pakiti zinazopotea na kurudiwa. Dawa ya moja haigusi lingine kabisa, na nimeona watu wakinunua laini kubwa zaidi, jambo ambalo kwa mgonjwa wa asubuhi halisaidii hata kwa sekunde moja.

Kwanza njia yenyewe. Muleba na Bukoba zimeachana kilomita sabini hivi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi hapo hakufiki milisekunde moja. Lakini laini za ofisi hazifuati barabara ya Kemondo. Ikiwa mtoa huduma wako anaunganisha matawi kwenye mitambo yake ya Dar es Salaam, pakiti ya Muleba inashuka mpaka Dar, kisha inapanda tena Bukoba, na risiti yake inarudi kwa njia hiyohiyo. Ukihesabu kilomita 1,400 kwa kila kipande, mzunguko mzima ni kilomita 5,600: milisekunde 28 za mwanga peke yake, kabla ya vifaa vyote vya njiani kuchukua chao. Mimi nimeweka milisekunde 40. Namba hii ishikeni, kwa sababu kila kitu kitakachofuata kinagawanywa kwayo.

TCP haitumi faili lote kwa mkupuo. Mfikirieni mnunuzi wa kahawa anayemwambia mkulima: ghala langu lina nafasi ya magunia kumi na moja, ukishaleta hayo ngoja nikuandikie risiti ndipo ulete mengine. Nafasi ya ghala ndiyo dirisha, na mpokeaji huitangaza katika kila pakiti anayorudisha. Risiti ndiyo inayoonekana kwenye kioo kama `ACK`. Mtumaji hawezi kuwa na baiti nyingi barabarani kuliko dirisha alilotangaziwa. Kwa hiyo kasi ya juu kabisa ya muunganisho mmoja ni dirisha ukigawa kwa muda wa mzunguko, hata laini iwe pana kiasi gani.

Nafasi ya kuandika dirisha kwenye kichwa cha TCP ni biti 16, tangu maelezo rasmi ya mwaka 1981, na biti 16 hazivuki 65,535. Wale wazee wa kazi mnaokumbuka madishi ya setilaiti kabla ya nyaya za baharini kufika Dar mwaka 2009 mtaelewa mara moja. Setilaiti iliyosimama angani iko kilomita karibu 36,000 juu. Mzunguko wa kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde. Baiti 65,535 kwa milisekunde 550 ni pungufu kidogo ya megabiti moja kwa sekunde. Ungeweza kulipia megabiti kumi za setilaiti, faili moja lingeendelea kutambaa chini ya moja.

Kasoro hiyo ilijulikana mapema. Mwaka 1992 Van Jacobson, Bob Braden na Dave Borman waliandika RFC 1323, ambamo kila upande, wakati wa kusalimiana tu, hutaja kizidishi cha dirisha lake. Jacobson huyo ndiye aliyekutana na msongamano wa Oktoba 1986 kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majengo yaliyo umbali wa mita mia chache, ambapo kasi iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Katika maabara hiyohiyo ndiko yeye na wenzake walikotengeneza `tcpdump`, chombo tutakachokitumia leo. Marudio, dirisha na chombo cha kuvitazamia vimetoka karibu meza moja.

Sasa tunase. Kwa nini tusinase kwenye seva yenyewe? Kwa sababu seva za siku hizi huiachia kadi ya mtandao kazi ya kukata vipande. Ukinasa ndani ya seva utaona pakiti za baiti elfu ishirini, thelathini, ambazo kamwe hazikupita kwenye waya, pamoja na hesabu za uhakiki zinazoonekana zimekosewa. Nakala inayotolewa na swichi inakuonyesha kilichopita kwenye waya, na haimbebeshi mgonjwa kazi ya ziada. Kwenye ruta nyingi za MikroTik zenye chipu ya swichi, mstari mmoja unatosha; seva iko `ether2`, kompyuta yako ya kunasia iko `ether5`:

```
/interface ethernet switch set switch1 mirror-source=ether2 mirror-target=ether5
```

Kwenye swichi ya Cisco:

```
monitor session 1 source interface Gi0/2 both
monitor session 1 destination interface Gi0/24
```

Kisha kwenye kompyuta ya kunasia, ambapo 10.20.7.9 ni mashine ya Muleba:

```
tcpdump -i eth0 -s 128 -w asubuhi.pcap host 10.20.7.9
```

Ile `-s 128` inachukua baiti 128 za mwanzo wa kila pakiti na kuacha nyingine. Vichwa vyote tunavyovihitaji vinaingia humo. Yaliyomo kwenye faili, ambayo huenda ni mishahara au majalada ya wagonjwa, yanaachwa karibu yote, na tangu Tanzania ipate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 sioni sababu ya fundi kutembea nayo kwenye kompyuta yake.

Kuna masharti mawili kabla ya kubonyeza. La kwanza, anza kunasa kabla faili halijaanza kwenda. Kizidishi cha dirisha hutajwa kwenye pakiti mbili za salamu tu, `SYN` na `SYN, ACK`, na hakirudiwi tena. Ukizikosa, Wireshark haina njia ya kukijua; itaandika `Window size scaling factor: -1 (unknown)` na kukuonyesha namba ghafi. Utaona `Win=501`, utashtuka kwamba dirisha ni baiti 501, uandike ripoti ya kulaumu seva, kumbe kizidishi kilikuwa 128 na dirisha halisi ni baiti 64,128. Ripoti za namna hiyo ni nyingi kuliko mnavyodhani. Ukikutana na ile alama ya -1, funga faili la unasaji, kata muunganisho, anza upya.

La pili, nasa upande wa mtumaji. Wireshark huhesabu baiti zilizo barabarani kwa kutoa zile zilizokwisha kupata risiti. Ukisimama kwa mpokeaji, pakiti inafika na risiti yake inaondoka papo hapo, hivyo barabara inaonekana tupu saa zote. Kwa faili la asubuhi mtumaji ni Bukoba. Kwa la jioni ni Muleba. Mwenye uwezo anase kote kuwili, na tutaona faida yake.

Tufungue la asubuhi, lililonaswa Bukoba. Salamu zinasema hivi:

```
10.20.7.9 > 10.20.1.5  [SYN] Win=16384 MSS=1460
10.20.1.5 > 10.20.7.9  [SYN, ACK] Win=64240 MSS=1460
```

Tazameni kisichokuwepo. Hakuna `WS=`. Mashine ya Muleba haikutaja kizidishi, na kanuni ni kwamba mmoja akinyamaza, mwenzake naye haruhusiwi kukitaja. Wireshark hapa haitaandika -1 bali `-2 (no window scaling used)`, maana imeziona salamu na imejua kwa hakika kwamba kizidishi hakipo. Halafu angalieni 16384. Hicho ndicho kipimo cha ghala la Muleba, na ukipitia risiti moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa faili, namba hiyo inabaki palepale au chini yake kidogo.

Kila pakiti inabeba baiti 1,460 za faili. Kumi na moja ni 16,060; ya kumi na mbili haiingii. Kwenye orodha unaona basi pakiti kumi na moja zinatoka, kisha kimya. Kwa laini ya megabiti 20 pakiti hizo huchukua milisekunde saba hivi kupita. Risiti zinarudi kwenye milisekunde ya arubaini. Laini imefanya kazi saba, imelala thelathini na tatu. Imetumika takriban sehemu moja kati ya sita. Na kweli, dakika kumi na mbili ni mara sita ya mbili. Hesabu kamili ni baiti 16,060 kwa milisekunde 40, yaani megabiti 3.2 kwa sekunde. Megabiti 2,400 kwa kasi hiyo ni sekunde 747.

Kwenye Wireshark chora `tcp.analysis.bytes_in_flight` dhidi ya muda. Utapata mstari ulionyooka kama uzi kwenye baiti elfu kumi na sita, tangu mwanzo hadi mwisho wa faili. Chuja `tcp.analysis.retransmission`: hakuna kitu. Ukiona mchoro bapa unaogusa dirisha lililotangazwa na hakuna marudio, usiendelee kutafuta njiani. Mwenye jibu ni mpokeaji.

Mpokeaji wetu ni programu ya zamani ya kupokea faili iliyofungiwa bafa ya kilobaiti 16 kwenye mipangilio yake. Programu ikijichagulia bafa, Linux inaacha kuikuza yenyewe, hata kama mipangilio ya mfumo ni mizuri. Kiasi kinachohitajika hakikisiwi: megabiti 20 mara milisekunde 40 ni baiti 100,000. Chini ya hapo laini haiwezi kujaa. Ukiweka kilobaiti 64 bila kizidishi utapata megabiti 13, faili litakwenda dakika tatu, na watu watafurahi wakidhani mmemaliza. Afadhali uondoe bafa ya kufungiwa kabisa, au uweke kilobaiti 256, kizidishi kikiwa kimewashwa.

Kwenye Windows mkosaji mara nyingi ni ushauri unaozunguka miaka mingi, kwamba kuzima ukuzaji wa dirisha kunaongeza kasi ya intaneti. Angalieni hivi:

```
netsh interface tcp show global
```

Kama `Receive Window Auto-Tuning Level` imeandikwa `disabled`, mtu aliufuata ushauri huo. Hali ya kawaida ni `normal`. Kwenye Linux, `sysctl net.ipv4.tcp_window_scaling` inapaswa kujibu 1.

Ipo pia hali mbaya zaidi, ya kifaa cha njiani kuchokoa salamu. Mwaka 2004 Linux 2.6.8 ilipoanza kutaja kizidishi kikubwa kuliko awali, watumiaji waliona baadhi ya tovuti zimekuwa nzito ghafla. Baadhi ya ruta zilikuwa zinabadilisha kizidishi kuwa sifuri huku zikipitisha pakiti, upande mmoja ukiamini kimekubaliwa na mwingine haujui. Hili hulioni kwa unasaji mmoja. Unafungua wa Muleba na wa Bukoba pembeni kwa pembeni, unalinganisha `SYN` ileile: ilivyotoka na ilivyofika. Zikitofautiana, kifaa cha katikati ndicho kilichoigusa.

Sasa la jioni, na hili lina mambo mengi zaidi. Tumelinasa Muleba kwa sababu Muleba ndiyo inayotuma. Salamu ni nzuri: seva ya Bukoba imetaja `WS=128`, na muda mfupi baadaye dirisha lake limefika mamia ya kilobaiti. Ghala lina nafasi tele. Lakini chora zile baiti za barabarani, na huoni uzi. Unaona meno ya msumeno: zinapanda pakiti nane, kumi na mbili, kumi na sita, zinakatika ghafla, zinapanda tena. Wastani ni pakiti kumi na moja hivi, kiasi kilekile cha asubuhi, ndiyo maana saa inasema kitu kilekile.

Sogeeni karibu na jino moja:

```
Seq=732921 Len=1460
[TCP Dup ACK 8812#1] Ack=732921
[TCP Dup ACK 8812#2] Ack=732921
[TCP Dup ACK 8812#3] Ack=732921
[TCP Fast Retransmission] Seq=732921 Len=1460
```

Kati ya mstari wa kwanza na wa pili kuna pakiti nyingine zilizotoka ambazo nimeziacha nisijaze ukurasa. Kila moja iliyofika Bukoba ilimfanya mpokeaji atoe risiti, lakini risiti zote zinasema jambo lilelile: mimi bado nasubiri 732921. Risiti tatu za kurudia zikifika, mtumaji hasubiri tena. Anaituma upya na kupunguza mwendo. TCP ya jadi hukata nusu. Gharama ni mzunguko mmoja, pamoja na ile mizunguko ya kupanda tena pakiti moja moja.

Hiyo ndiyo njia ya heri. Njia ya shari ni pale pakiti iliyopotea ilikuwa karibu na mwisho wa kundi, na nyuma yake hazikubaki tatu za kuchochea risiti. Hapo mtumaji anakaa kimya mpaka saa yake ya kusubiri ilie, na kwenye Linux saa hiyo haishuki chini ya milisekunde 200. Kwenye orodha unaona pengo la robo sekunde, kisha `TCP Retransmission` bila lile neno la haraka, kisha mwendo unaanza na pakiti moja. Nayo ikipotea tena, subira inaongezeka mara mbili. Panga safu ya muda kwa tofauti kati ya pakiti zilizoonyeshwa, na mapengo hayo yatajitokeza yenyewe.

Ni marudio mangapi yanatosha kutuletea dakika kumi na mbili? Hapa watu hushangaa. Kuna kanuni ya makadirio iliyochapishwa mwaka 1997 na Matthew Mathis na wenzake, na ni fupi:

```
kasi = (MSS / RTT) * (1.22 / sqrt(p))
```

`p` ni sehemu ya pakiti zinazopotea. Weka 0.012, yaani asilimia 1.2. Kipeuo chake cha pili ni karibu 0.11, na 1.22 ukigawa kwa hicho unapata kumi na moja. Pakiti kumi na moja kwa kila mzunguko. Faili letu lina pakiti 205,000 hivi. Marudio elfu mbili na mia tano hivi yanatosha kulifanya litambae kwa moja ya sita ya kasi yake. Kwa hiyo fundi asije akaniambia kwamba asilimia moja ni kidogo. Kwenye waya wa ndani ya ofisi, mzunguko ukiwa nusu milisekunde, ni kidogo. Kwenye mzunguko wa milisekunde 40 si kidogo hata kidogo. Kanuni hii ni ya TCP za aina ya jadi; mtumaji anayetumia BBR, iliyotoka Google mwaka 2016, hapunguzi mwendo kwa kila pakiti iliyopotea, na kwake utaona marudio mengi na kasi nzuri kwa pamoja.

Kuhesabu kwa vipindi vya sekunde kumi:

```
tshark -r jioni.pcap -q -z io,stat,10,"tcp.len>0","tcp.analysis.retransmission"
```

Safu ya kwanza ni pakiti zenye data, ya pili ni marudio. Gawanya. Angalia kama asilimia ni ileile muda wote au inakuja kwa mafungu.

Zinapotelea wapi? Unasaji wa Muleba una pakiti 732921 mara mbili, ya awali na ya marudio. Maana yake ilipita kwenye swichi yetu salama, ikapotelea mbele. Sasa fungua wa Bukoba utafute namba hiyohiyo; ikiwa nasaji zote mbili zina salamu, hesabu inaanzia sehemu moja na namba zinalingana. Bukoba utaikuta mara moja tu, imechelewa, na kabla yake Wireshark imeandika `TCP Previous segment not captured` pale pengo lilipotokea. Basi imepotea kati ya swichi mbili. Kama Bukoba ungeikuta mara mbili, hadithi ingekuwa nyingine: data ilifika, risiti ndizo zilizopotea au kuchelewa, na Wireshark mara nyingi itaandika `TCP Spurious Retransmission`.

Ndani ya njia yenyewe unasaji hautuambii zaidi ya hapo. Lazima uende kwenye vifaa. Katika mfano wetu ofisi ya Muleba imeunganishwa na mnara kwa redio ya gigahezi 5. Mtu atasema mvua, na Bukoba hatuna uhaba wa mvua. Lakini mvua huanza kusumbua sana redio zilizo juu ya gigahezi 10. Ya gigahezi 5 inaivumilia. Tazameni badala yake mwelekeo: asubuhi, data zikishuka, hakuna marudio hata moja; jioni, zikipanda, ni asilimia 1.2. Dishi la ofisi liko chini, linasikia mnara mmoja. Mnara uko juu ya kilima, unasikia redio za kila mtu anayeuelekea na wasiouelekea, na jioni zote zinasema. Kelele iko kwenye sikio la mnara, kwa hiyo inaharibu kinachopanda na kuacha kinachoshuka. Fungua ukurasa wa redio, linganisha ubora wa kupokea wa upande wa mnara na wa upande wa ofisi, halafu mpe mtoa huduma nasaji mbili na namba za pakiti ambazo zilitoka Muleba na hazikufika Bukoba. Kubadilisha chaneli ni kazi ya dakika chache kwa aliye na ruhusa ya mnara. Kinachochelewesha huwa ni kumshawishi, na namba za pakiti humshawishi kuliko malalamiko.

Kijana mmoja hapa mbele ameniuliza kwa nini unasaji wake una marudio asilimia hamsini na faili linakwenda vizuri. Hamsini kamili ni dalili ya nakala kutolewa mara mbili. Amenakilisha milango miwili, wa seva na wa ruta, kila mmoja kwa kuingia na kutoka, hivyo pakiti moja inanakiliwa ikiingia swichi na tena ikitoka. Wireshark inaona namba ileile mara mbili na kuiita marudio. Kuitambua ni rahisi: marudio ya kweli huja baada ya angalau karibu mzunguko mmoja, na namba ya utambulisho ya kichwa cha IP, `ip.id`, kwa kawaida ni mpya. Pacha wa nakala anakuja baada ya mikrosekunde chache na `ip.id` ileile. Nakilisha mlango mmoja tu, au safisha:

```
editcap -d chafu.pcap safi.pcap
```

Kosa la upande wa pili ni nakala pungufu. Mlango wa gigabiti moja unaopokea na kutuma kwa pamoja unaweza kuzalisha gigabiti mbili za nakala, na mlango wa kunasia una nafasi ya moja. Swichi inatupa kinachozidi bila kumwambia mtu. Kwa laini ya megabiti 20 hili halitokei, ila ukinakilisha mlango wa seva ambayo ofisi nzima inaitumia, linatokea. Ushahidi wake ni `TCP ACKed unseen segment`: mpokeaji ametoa risiti ya pakiti ambayo wewe hukuiona. Mtu hatoi risiti ya gunia ambalo halikufika, kwa hiyo aliyeikosa ni wewe. Zikiwa nyingi, usihesabu chochote kwenye unasaji huo. Na kumbukeni kwamba fremu zilizoharibika kwenye waya haziletwi kabisa kwenye nakala. Swichi huzitupa mlangoni. Kebo mbovu utaiona kwenye hesabu za mlango, kwa jina la makosa ya FCS, lakini kwenye unasaji itakuwa pengo tu kama mapengo mengine.

Nimebakiza hali moja ambayo si dirisha dogo wala marudio. Dirisha limetangazwa kubwa, marudio hakuna, na bado baiti za barabarani hazifiki hata robo ya dirisha, huku kukiwa na mapengo yasiyolingana na mzunguko: nusu sekunde hapa, sekunde nzima pale. Tazama pakiti inayofuata pengo ni ya nani. Ikiwa risiti zote zilikwisha kurudi na mtumaji ndiye aliyenyamaza, basi hakuwa na kitu cha kutuma: diski inasoma polepole, kinga ya virusi inapekua kila kipande, au programu inasoma kipande kimoja na kusubiri kabla ya kuomba kingine. Ikiwa dirisha lilianza kubwa kisha likasinyaa hadi `TCP ZeroWindow`, diski ya mpokeaji ndiyo isiyomudu. Mtandao umeleta kwa kasi zaidi kuliko anavyoandika. Kwa hali zote mbili mtoa huduma hahusiki, na simu inayofuata ni ya mwenye seva.